Cherehani Moja, Njia Tano: Ya Kufanya na ya Kutofanya Kabla Ushonaji wa Nyumbani Haujawa Biashara

Maneno haya ni kwa mtu anayeshona vizuri kwa kupenda. Ana cherehani ya umeme ya nyumbani, amewashonea watoto wake, dada zake na jirani mmoja au wawili, na sasa kila anayeona kazi yake anamwambia afungue biashara. Biashara gani? Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu cherehani moja ina njia tano zilizo wazi mbele yake: kurekebisha nguo, kushona bidhaa za kuuza zikiwa tayari kama mifuko ya kitenge, kushona nguo za kupima, kushona sare za shule, na kufundisha. Anayeziona zote kuwa ni "ushonaji" huzianza kwa pamoja, na baada ya miezi mitatu ana viraka vya vitambaa kila chumba na hajui fedha yake imeishia wapi.

Fanya: pima saa zako kabla ya kupima kitambaa. Kaa na kalenda. Andika saa ambazo kwa hakika unakaa kwenye cherehani kwa wiki, baada ya kazi ya ajira, foleni, kupika na watoto. Tumchukulie karani anayeishi Tabata, Dar es Salaam, anayeweza kushona jioni tatu na Jumamosi nzima. Akiwa mkweli, anapata kama saa 13. Hizo ndizo mtaji wake mkubwa kuliko fedha, na kila njia nitakayoitaja hapa chini nitaipitisha kwenye saa hizo 13. Bei nitakazotumia ni za mfano. Wewe weka za mtaani kwako.

Kisha pima muda wa kazi moja kamili, saa ikiwa mezani. Usipime mshono peke yake. Anza pale unapokunjua kitambaa na umalize pale nguo iliyopigwa pasi inapoingia kwenye mfuko. Kufua kitambaa, kukata, kujaza uzi kwenye bobini, kufumua ulichokosea, kupiga pasi kila mshono, kukata nyuzi zinazoning'inia, kuzungumza na mteja mlangoni: vyote ni kazi. Fundi wa nyumbani anayesema "gauni nalimaliza kwa saa tano" kwa kawaida anahesabu muda ambao sindano ilikuwa inatembea tu.

Usianze njia yoyote bila kujibu swali hili: kitambaa ni cha nani? Swali hili linazitenganisha njia tano kuliko jambo lingine lolote. Kwenye marekebisho na nguo za kupima, kitambaa ni cha mteja. Fedha yako haijalala popote, lakini ukikiharibu unalipa. Kwenye mifuko na sare, kitambaa ni chako. Ukikosea hakuna anayekudai, lakini shilingi zako zimelala kwenye rafu hadi mtu anunue. Kwenye kufundisha hakuna kitambaa cha kuhangaikia sana, ila cherehani yako inashikwa na mtu mwingine, na muda huo wewe hushoni. Mtu asiye na akiba hana ruhusa ya kuanzia kwenye kitambaa chake mwenyewe. Mtu asiyejiamini kwenye vipimo hana ruhusa ya kushika mkasi juu ya kitambaa cha mwenzake.

Usiidharau kazi ya marekebisho. Kupunguza suruali, kubana gauni la mtumba, kubadilisha zipu: wapenda ushonaji wengi huiona kazi ya chini kwa sababu haina cha kupigia picha. Lakini ndiyo njia isiyohitaji mtaji wa kitambaa, na ndiyo inayofundisha namna nguo za viwandani zinavyojengwa, kwa kuwa huwezi kuifunga upya nguo bila kuifumua. Kupunguza suruali kwa shilingi 2,000, kwa nusu saa pamoja na maongezi na kutafuta uzi unaofanana, ni shilingi 4,000 kwa saa. Karani wetu angeweza kufanya suruali 26 kwa wiki. Lakini je, watakuja watu 26? Kwenye nyumba iliyo ndani ya uchochoro watakuja labda tisa, na anabaki na chini ya shilingi 18,000. Njia hii inabanwa na watu wanaopita, mikono yako haina neno. Kwa hiyo ijaribu tu kama uko karibu na wauza mitumba, au ukubaliane na mmoja wao akukusanyie kazi na wewe uzichukue mara mbili kwa wiki.

Ukiifanya, usirudishe pindo la jinzi kwa sindano ile ile ya kitenge. Sindano namba 90/14 inatosha kwa kitenge. Jinzi inataka 100/16, na fulana inayovutika inataka sindano yenye ncha ya duara, la sivyo mshono utaruka na vitundu vitaonekana baada ya kufua. Mashine ya nyumbani ikigoma pale mishono minne ya jinzi inapokutana, zungusha gurudumu kwa mkono. Usiilazimishe kwa pedali, kwani ndivyo sindano zinavyovunjika na mpangilio wa mashine unavyoharibika.

Fanya: kata mifuko kwenye karatasi kabla ya kukata kwenye kitenge. Mfuko wa kitenge unavutia kuanzia kwa sababu haumpimi mtu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 28, 2017, na Tanzania Juni 1, 2019, na washonaji wengi wa nyumbani waliona mlango umefunguka. Mlango ulifunguka kweli, lakini mifuko mbadala ya bei ndogo ikajaa sokoni mara moja, na hakuna mfuko wa kitenge utakaoishinda kwa bei. Mfuko wako utauzwa kama zawadi, kama begi la kwenda nalo kazini, kama kitu cha mgeni kurudi nacho kwao. Usimpelekee muuza nyanya.

Sasa hesabu. Kitenge cha yadi 6 kina urefu wa karibu sentimita 548 na upana wa karibu 115. Kifue kwanza, kwa sababu pamba hupungua, na mfuko wenye bitana ambayo haikupungua utajikunja baada ya kufuliwa mara moja. Tuseme baada ya kufua umebaki na 530 kwa 111. Unataka mfuko wa upana wa 34 na kimo cha 40, kipande kimoja kilichokunjwa chini. Unahitaji kipande cha 37 kwa 88, ukiweka sentimita 1.5 kila upande kwa mshono na 4 kila mdomo kwa pindo. Vipande vitatu vinakaa kwenye upana, safu sita kwenye urefu: mifuko 18. Wengi wanasimama hapo, wanagawa bei ya kitenge kwa 18, wanatangaza bei.

Mikanda iko wapi?

Kila mfuko unataka mikanda miwili ya upana wa sentimita 8, inayokunjwa mara nne iwe 2, na urefu wa 55 kwa mfuko wa kushika mkononi. Safu sita zimekula sentimita 528, na kilichobaki hakitoshi mkanda hata mmoja. Kwa hiyo rudi kwenye safu tano, miili 15, uache sentimita 90 za mikanda. Humo unapata mikanda 22, yaani ya mifuko 11. Miili miwili ukiikata mikanda nayo, unapata minane zaidi, na unaishia na mifuko 13 kamili. Kitenge cha shilingi 18,000 kilichoonekana kugharimu 1,000 kwa mfuko kimegharimu karibu 1,385. Na kama mchoro una kichwa na miguu, ndege au tausi tuseme, kipande kimoja kilichokunjwa chini kitamsimamisha ndege upande mmoja na kumpindua upande wa pili. Kwa mchoro kama huo unahitaji vipande viwili vyenye mshono chini, na hesabu inashuka tena. Chagua mchoro usio na juu wala chini.

Mifuko 13 kwa shilingi 4,000 ni 52,000. Toa kitenge 18,000, uzi na umeme wa pasi 2,000, zinabaki 32,000. Muda: karibu saa nane za kushona, moja na nusu za kufua, kukata na kupiga pasi, na tatu za kuuza, kupiga picha na kupeleka. Ni saa 12 na nusu, yaani wiki nzima ya karani wetu, kwa shilingi 2,560 kwa saa. Akimpa mwenye duka kwa 2,800 kila mmoja, anaokoa zile saa tatu lakini anabaki na 16,400 kwa saa tisa na nusu, sawa na 1,700 na kidogo kwa saa. Usimkubali mwenye duka anayetaka uache mifuko ukalipwe ikiuzwa, isipokuwa umeandika idadi, bei na tarehe ya kuhesabiana, naye ametia sahihi.

Usikate gauni la mtu kwa vipimo vya nguo yake ya zamani. Nguo za kupima hulipa vizuri kwa saa, na ndizo zinazowaangusha wengi. Tuseme gauni la kitenge lenye bitana na zipu ya mgongoni, ufundi shilingi 40,000. Zipu, uzi na bitana ni 7,000. Kupima nusu saa, kukata saa moja na nusu, kushona tano, kujaribisha nusu saa, kumalizia moja na nusu: saa tisa. Zinabaki 33,000, karibu 3,670 kwa saa. Linalipa kuliko mifuko.

Lakini gauni hilo likirudi kwa sababu linabana kwapani, ukafumua mikono, ukashusha kwapa, ukashona tena, umeongeza saa nne. Shilingi zile zile 33,000 sasa zimegawanywa kwa 13: ni 2,540 kwa saa, chini kidogo ya mifuko, na bado mteja hakuamini tena. Gauni moja tu lililorudi limefuta faida yote ya kuwa fundi wa kupima.

Kinachorudisha gauni mara nyingi ni kile kile. Kitenge hakivutiki. Mtu mwenye kifua cha sentimita 96 hawezi kuvaa gauni la 96. Mpe 100 hadi 102 ili apumue na akae. Pima mgongo kutoka bega hadi bega, usiukisie kwa macho. Acha sentimita 2.5 za akiba kwenye mishono ya ubavuni, wala usizikate baada ya kushona hata kama zinaonekana kuwa nyingi, kwa sababu ndizo zitakazokuokoa. Mjaribishe kabla hujatia zipu na bitana, nguo ikiwa imeshikizwa kwa mishono mirefu ya kufumuka kirahisi. Mwambie anyanyue mikono, akae kwenye kiti, ageuke. Makunyanzi yanayotoka kwapani kwenda kifuani yanakuambia kifua kimebana. Makunyanzi ya kulala chini ya shingo nyuma yanakuambia mgongo ni mrefu kuliko mteja. Mteja asiye na muda wa kuja kujaribishwa, mrudishie kitambaa chake.

Usipokee oda ya sikukuu wala sare ya harusi kwa kumwonea mtu haya. Mwenye saa 13 kwa wiki hawezi kushona magauni 12 ya kamati kwa wiki tatu. Hata kwa saa tisa tisa ni saa 108, na yeye anazo 39. Hesabu hii inachukua dakika moja, na asiyeifanya ndiye anayeishia kumwambia shangazi yake mwenyewe "njoo kesho" mara tano. Kwa Idi, kumi la kwanza la Ramadhani likiisha, funga daftari la oda. Mwezi ukiandama mapema hutapata siku ya ziada. Kwa kila oda chukua nusu ya ufundi kabla ya kukata, na andika tarehe mbili: ya kujaribisha na ya kuchukua. Ndugu naye aandikwe.

Usiingie kwenye sare za shule mwezi wa Desemba. Mwaka wa shule Tanzania unaanza Januari, na wazazi hujaa madukani wiki mbili za mwisho kabla ya kufungua. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 haikumwondolea mzazi gharama ya sare, kwa hiyo mahitaji yapo kila mwaka. Ila anayefikiria sare wakati huo amechelewa: kitambaa kimepanda, rangi inayotakiwa imebaki vipande, na mafundi wenye mashine tatu wameshapanga bei. Sare hushonwa kuanzia Septemba, polepole, kwa kitambaa chako, na fedha hurudi kwa mkupuo Januari. Mtu mwenye saa 13 na sketi inayomchukua saa moja na robo anapata sketi 10 kwa wiki, karibu 160 kwa miezi minne. Je, anaweza kulaza fedha ya kitambaa cha sketi 160 hadi Januari? Kama hawezi, ashone 30 za shule moja ya jirani anayoijua mikunjo yake na rangi yake.

Nunua kitambaa chote cha sare kwa siku moja, kutoka robota moja. Bluu ya robota la leo na bluu ya mwezi ujao hazifanani, na mtoto atavaa sketi ya rangi moja na mkanda wa rangi nyingine. Weka pindo la sentimita saba chini, ili mzazi aweze kulishusha mtoto anaporefuka. Wazazi hulitazama pindo kabla ya kuuliza bei. Usikopeshe shule. Muuzie mzazi.

Usifundishe kwa sababu tu watu wamekuomba. Cherehani moja inafundisha mtu mmoja kwa wakati. Wanafunzi watatu kwenye mashine moja maana yake wawili wanatazama, na anayetazama hajifunzi kushona. Fundisha kitu kimoja chenye mwisho, kwa mfano foronya yenye zipu kwa Jumamosi nne, na utoze ada inayofidia saa ambazo ungeshona. Mwanafunzi alete kitambaa na mkasi wake. Asiguse kazi ya mteja, hata kama amekuwa hodari.

Fanya: jaribu njia mbili, moja baada ya nyingine, wiki nne kila moja. Si tano, na si kwa pamoja. Daftari liwe na safu nne: fedha iliyotoka, fedha iliyoingia mkononi, saa, na kazi iliyorudi kurekebishwa. Safu ya nne ndiyo itakayokuambia ukweli. Kazi inayorudi mara moja kati ya tano inaonyesha kuwa ufundi wako wa njia hiyo bado ni wa nyumbani, hata kama fedha imeingia. Ahadi ya mteja haiandikwi kwenye safu ya fedha iliyoingia. Na mwisho wa wiki nane usilinganishe jumla. Linganisha shilingi kwa saa, kisha uulize kama wateja wa wiki ya nne walikuja bila wewe kuwaita.

Usinunue mashine ya pili hadi njia iliyoshinda iidai. Mashine ya kiwandani inashona hadi mishono karibu 5,000 kwa dakika, mara nyingi zaidi ya ile ya nyumbani, na watu huinunua kwa sababu ya kasi hiyo. Lakini gauni la saa tisa halikucheleweshwa na kasi ya sindano. Lilicheleweshwa na kukata, kujaribisha na pasi. Anayeshona nguo za kupima atafaidika zaidi na meza imara ya kukatia yenye kimo cha kiunoni na pasi nzito. Anayeshona sare au mifuko ndiye mwenye mishono mirefu iliyonyooka, na huyo mashine ya kiwandani itamfaa, akikumbuka kwamba inashona mshono ulionyooka tu, haina zigizaga, na inataka sehemu yake ya kudumu na mota inayokula umeme. Ovaloki ije kabla yake kwa yeyote anayeuza nguo, kwa sababu mteja hugeuza nguo ndani nje. Mwenye kufanya marekebisho anahitaji nyuzi za rangi nyingi kuliko anavyohitaji mashine. Umeme ukikatika mara kwa mara mtaani kwako, cherehani ya miguu iliyotumika, inayoshona sawasawa mbele na nyuma ukiijaribu kwa kitambaa chako mwenyewe pale pale kwa muuzaji, itakulipa kabla ya mashine yoyote mpya.